YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAFSIRI YA MTIHANI WA UJIRANI MWEMA, DARASA LA SABA

Kamati ya Mtihani wa Ujirani Mwema,
Uyole, Mbeya.
14 Julai 2025

Meneja,
Idara ya Tafsiri.

Ndugu Meneja,

Rejea kazi mliyotufanyia mwezi Mei ya kutafsiri karatasi za Hisabati na Sayansi, pamoja na miongozo yake ya kusahihishia, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Shule zilizofanya mtihani huo ni nane. Mbili zinafundisha kwa Kiingereza na sita kwa Kiswahili, na matokeo yote tuliyaweka kwenye orodha moja. Kwa hiyo karatasi mbili zilipaswa kuwa na uzito mmoja kwa mtoto, lugha yoyote aliyofanyia.

Tulipolalamika kwa simu, ofisa wenu alitujibu kwamba kazi ilikaguliwa: mtu wa pili alirudisha Kiswahili chenu kwenye Kiingereza, na kila sentensi ikarudi ilivyokuwa. Tumeiona karatasi hiyo ya ukaguzi na hatubishi, ilirudi vizuri sana. Malalamiko yetu ni kwamba ukaguzi wa namna hiyo hauwezi kuona makosa ninayoyaeleza hapa chini, na ndio pekee mlioufanya.

Nianze na swali la moyo, kwa sababu ndilo lililotushtua. Swali la Kiingereza lilikuwa sentensi yenye pengo mwanzoni: kiungo fulani kinasukuma damu mwilini. Majibu ya kuchagua yalikuwa moyo, ini, figo na mapafu. Ninyi mkaandika: "______ unasukuma damu kwenda sehemu zote za mwili." Someni tena hiyo "unasukuma". Ini linasukuma, figo linasukuma, mapafu yanasukuma. Kinachoweza kukaa mbele ya "unasukuma" kati ya hivyo vinne ni moyo peke yake. Mtoto ambaye hajawahi kusikia habari za mzunguko wa damu analipata kwa sikio tu, kwa Kiswahili alichokunywa na maziwa ya mama yake. Kwa Kiingereza, kitenzi kile kinaondoa mapafu tu kwa kuwa ni wingi, na majibu matatu yanabaki mezani.

Rudisheni sentensi hiyo kwenye Kiingereza mara mia, itarudi safi mara mia, maana kidokezo kiko kwenye "u" ya Kiswahili na Kiingereza hakina mahali pa kuibeba. Dawa yake ilikuwa herufi mbili: "husukuma". Kiambishi "hu" hakijali ngeli, hivyo majibu yote manne yangesimama sawa. Au mngeandika "Kiungo kinachosukuma damu ni", maana hapo kitenzi kinafuata kiungo na jibu linabaki huru.

Ili tusionekane tunalaumu kwa hisia, tulichukua karatasi 40 za Kiswahili na 40 za Kiingereza za watoto waliopata kati ya alama 28 na 34 kwenye Sayansi, bila kuhesabu swali lenyewe. Hapo mnalinganisha watoto wa kiwango kimoja, kwa sababu shule zetu hazilingani na haingekuwa haki kuchukua wastani wa shule na shule. Swali la moyo lilipatwa na 39 kati ya 40 kwa Kiswahili, na 26 kati ya 40 kwa Kiingereza. Najua karatasi 80 ni chache, na tofauti ya watoto wawili watatu nisingeiandikia barua. Hii ni ya watoto 13, na ukilisoma swali unaiona sababu kwa macho.

Swali la saa ni gumu zaidi kuwaeleza, kwa sababu mtafsiri wenu hakukosea hata neno. Lori la viazi linaondoka Uyole saa 11:40 kabla ya adhuhuri, kwa saa ya Kiingereza, na kufika Makambako saa 2:25 baada ya adhuhuri. Limetumia muda gani? Mliandika saa 5:40 asubuhi na saa 8:25 mchana, na ndivyo saa zetu zinavyosomwa. Nawapongeza kwa hilo, maana tumewahi kupata tafsiri nyingine iliyoacha tarakimu za Kiingereza na kumfanya abiria apande basi saa 9 asubuhi.

Lakini tazameni kazi anayoifanya mtoto. Wa Kiswahili anatoa 5:40 kwenye 8:25, anakopa saa moja, anapata saa 2 na dakika 45. Wa Kiingereza hawezi kutoa 11:40 kwenye 2:25. Lazima kwanza atambue kwamba safari imevuka adhuhuri, aigeuze 2:25 kuwa 14:25, ndipo atoe. Asiyetambua anageuza namba na kupata saa 9 na dakika 15, na jibu hilo tulilikuta kwenye karatasi nyingi za Kiingereza. Kwenye karatasi za Kiswahili halikuwepo hata moja. Mwalimu aliyetunga swali alikusudia kupima huko kuvuka. Kwenye Kiswahili kitu alichokipima hakikuwepo kabisa.

Halafu ukaja mwongozo wa kusahihishia, nao mliutafsiri mstari kwa mstari. Ulisema: alama 1 kwa kubadili muda wa kufika kuwa 14:25, alama 1 kwa kutoa, alama 1 kwa jibu. Mtoto wa Kiswahili hana sababu ya kufika 14:25. Akitaka kuifikia lazima aongeze 6, kisha aongeze 6 tena kwenye muda wa kuondoka, apoteze dakika kwa jambo lisilomsaidia. Chumba kimoja cha wasahihishaji kiliwapa alama 3 wote waliopata jibu. Chumba cha pili, chenye walimu wanaoheshimu maandishi, kiliwapa 2. Kwa hiyo swali likawa rahisi zaidi kwa Kiswahili, na papo hapo likawanyima alama waliolifanya kwa usahihi. Sijui kama kuna namna nyingine ya kulikosea pande mbili kwa mpigo.

Mtafsiri anayejua kazi ya mitihani angetupigia simu hapo na kusema swali hili halitafsiriki, libadilisheni. Saa ya Kiingereza inaanza upya baada ya adhuhuri, ya kwetu inaanza upya baada ya mapambazuko na baada ya magharibi. Safari ya saa 2:50 asubuhi hadi saa 5:35 haivuki popote kwa lugha yoyote, kwa sababu kwa Kiingereza ni 8:50 hadi 11:35. Kama mtunzi anataka kuvuka kuwepo, basi la abiria liondoke Mbeya saa 11:40 alfajiri na kufika Morogoro saa 8:25 mchana. Kwa Kiingereza ni 5:40 hadi 2:25. Watoto wote wawili watakwama, wote wataongeza 12 kwenye muda wa kufika, na wote watapata saa 8 na dakika 45. Hapo na alama zinagawika sawa.

La mwisho ni la Sayansi, swali la kutaja gesi ambayo mimea huitumia kutengeneza chakula. Mwongozo wenu una jibu moja tu: kabonidayoksaidi. Kwa Kiingereza jibu moja linatosha, kwa sababu jina darasani ni moja. Kwa Kiswahili watoto waliandika hewa ukaa, hewa ya ukaa, kaboni dayoksaidi kwa maneno mawili, na wengine wakaandika "hewa chafu". Mwongozo wa Kiingereza ulikataza kukubali "kaboni" peke yake, mkalibeba katazo hilo, lakini hamkusema lolote kuhusu majina ambayo Mswahili ndiyo anayoyatumia. Msahihishaji mmoja alikata "hewa ukaa" kwa kalamu nyekundu, na jina hilo limo kwenye vitabu. Kuhusu "hewa chafu" walimu walibishana hadi chai ikapoa. Mimi nasema isikubaliwe, maana hata moshi wa lori ni hewa chafu, lakini uamuzi huo ulipaswa kuandikwa kwenye mwongozo kabla ya kalamu kushikwa. Katika kazi hii mwongozo haumaliziki kwa kutafsiri jibu. Mtu anakaa na karatasi halisi 20 au 30 za watoto, anasoma walichoandika, ndipo anaorodhesha yanayokubalika na yasiyokubalika.

Tulilazimika kusahihisha upya maswali hayo matatu kwenye karatasi zote za Kiswahili, 412, kwa siku mbili. Mwishowe swali la moyo tulilifuta kwa lugha zote mbili. Swali la saa tulilifuta pia, na mtunzi wake bado hajatusamehe.

Nasi tuna sehemu yetu, niiseme kabla hamjaisema. Tuliwaletea kazi Alhamisi tukaitaka Jumatatu, na hatukuandika pembeni ya kila swali linapima nini. Kama kwenye swali la saa tungeandika "kuvuka adhuhuri", pengine mtafsiri angeshtuka. Lakini mlituahidi kwa maandishi kwamba mna uzoefu wa mitihani, na mwenye uzoefu huo ndiye anayemdai mteja maelezo hayo.

Tunaomba mturudishie nusu ya malipo ya miongozo ya kusahihishia. Karatasi zenyewe tumezitumia, hatudai. Tunaomba pia maswali yote yaliyobaki yapitiwe upya kabla hatujayaweka kwenye hifadhi ya mwakani, na apitie mtu anayeyajibu kwa Kiswahili bila kuonyeshwa Kiingereza, akiandika kila hatua na kila sababu iliyomfanya akatae jibu fulani. Mtu huyo angeikamata "unasukuma" kwa dakika moja. Upimaji wa kimataifa wa PISA, unaofanyika tangu 2000, hautegemei kurudisha tafsiri. Wanataka tafsiri mbili zilizofanywa na watu wasioonana, kisha mtu wa tatu azipatanishe. Kwa bei yenu sitegemei hayo yote, ila mtu wa pili anayejibu mtihani badala ya kuurudisha hatagharimu zaidi ya yule mliyekuwa naye.

Mkihofia usiri, hata sisi tunauhofia. Jaribio la kupata karatasi halisi za watoto linaweza kufanyika kwa wanafunzi wachache wa kidato cha kwanza wa wilaya nyingine, waliomaliza la saba juzi na wasio na wadogo zao kwenye shule zetu.

Tunasubiri majibu ndani ya siku 14. Nakala za karatasi 80 tulizolinganisha, majina yakiwa yamefunikwa, zipo ofisini kwa mwalimu wa taaluma, na mtafsiri wenu anakaribishwa kuja kuzisoma siku yoyote ya kazi. Aje na koti, Julai hii Uyole ni baridi.

Wako katika kazi,

Mwenyekiti,
Kamati ya Mtihani wa Ujirani Mwema.

Nakala: Walimu wakuu wa shule zote nane.