Asilimia 100.01 haikuwa kura za ziada

Mhariri,

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na tayari ile hesabu ya asilimia 100.01 ya matokeo ya urais ya 2022 imeanza kufufuliwa vijiweni. Naomba nafasi niichambue, kwa sababu miaka yote hii imebishaniwa kisiasa, ilhali kalamu na kikokotoo vingetosha. Mimi si wakili wa mtu, wala barua hii haisemi nani alistahili kushinda. Nazungumzia jedwali tu.

Tukumbushane. Tarehe 15 Agosti 2022, katika ukumbi wa Bomas, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, wakati huo, marehemu Wafula Chebukati, alitangaza matokeo ya urais hivi: William Ruto kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, Raila Odinga 6,942,930, asilimia 48.85, George Wajackoyah 61,969, asilimia 0.44; David Mwaure 31,987, asilimia 0.23. Kesho yake makamishna wanne, wakiongozwa na naibu wake Juliana Cherera, waliwaita wanahabari hoteli ya Serena. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba asilimia hizo nne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni takriban kura 142,000.

Zijumlishe mwenyewe. Kweli zinafika 100.01. Hapo hawakukosea.

Lakini kabla ya kugusa asilimia, mkaguzi wa jedwali huanza na kura zenyewe, zile nambari nzima. Kura za wagombea wote wanne zikijumlishwa ni 14,213,027. Hicho ndicho kigawanyo, nambari ambayo kura za kila mgombea zinagawanywa kwayo. Sasa gawanya bila kukata desimali mapema. Ruto anapata asilimia 50.48989. Odinga 48.84906. Wajackoyah 0.43600. Mwaure 0.22505. Kila moja inapokadiriwa hadi nafasi mbili za desimali, zote nne zinapanda juu. Hakuna hata moja inayoshuka kuzifidia nyingine. Vipande vilivyoongezwa ni vidogo mno kwa wale wawili wa kwanza, kikubwa kidogo kwa Wajackoyah, na kikubwa kuliko vyote kwa Mwaure, ambaye 0.22505 yake ilivuka mpaka wa 0.225 kwa unywele ikawa 0.23. Jumla ya vipande hivyo vinne ni 0.01. Ziada yote imetoka hapo.

Ziandike asilimia hizo hizo kwa nafasi tatu za desimali uone: 50.490, 48.849, 0.436 na 0.225. Jumla yake ni 100.000. Na kuna jambo ambalo sijaona likitajwa popote: lau Mwaure angepata kura nane pungufu, yaani 31,979, asilimia yake ingeandikwa 0.22, na jedwali lingefika 100.00 barabara. Kura nane kati ya milioni kumi na nne, na kikao kile cha Serena kingekosa hoja moja.

Halafu kuna hizo kura 142,000. Asilimia 0.01 ya kura 14,213,027 ni kura 1,421. Asilimia moja nzima ndiyo inayokaribia 142,000. Nukta ilisogezwa nafasi mbili. Na hata hizo 1,421 hazikuwapo popote, kwa kuwa hakuna mgombea aliyeongezewa kura. Kilichokadiriwa ni maandishi ya asilimia peke yake. Ndiyo maana nasema asilimia ziwe za mwisho kukaguliwa. Zinazaliwa na kura, na mtoto hawezi kumtolea mzazi ushahidi kwamba amezidi.

Kinachosikitisha ni kwamba magazeti yalichapisha madai na majibu, ila sikuona jedwali lililompa msomaji nafasi ya kukagua mwenyewe. Mengi yaliishia kwenye majina, kura na asilimia. Safu za kura zilizokataliwa, jumla ya kura halali na idadi ya waliojiandikisha zilitupwa, labda kwa kukosa nafasi. Bila safu hizo huwezi kujua kila asilimia imegawanywa kwa nini, na hapo ndipo mizozo mingi huzaliwa.

Chukua mwaka 2013. Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa kura 6,173,433 na asilimia 50.07. Tume ilikuwa imegawanya kwa 12,330,028, idadi iliyojumuisha kura 108,975 zilizokataliwa. Ukiziondoa hizo, kura halali zinabaki 12,221,053, na kura zile zile za Kenyatta zinakuwa asilimia 50.51. Kwa njia ya kwanza alivuka nusu kwa kura zipatazo 8,400. Kwa njia ya pili, kwa kura karibu 63,000. Mgombea hajaongezewa hata kura moja. Mahakama ya Juu ndiyo iliyoamua, Machi 2013, kwamba kura zilizokataliwa zisihesabiwe katika kutafuta ile nusu inayotakiwa na Katiba. Basi mtu akiweka jedwali la 2013 lililotangazwa kando ya lile la 2022 na kulinganisha 50.07 na 50.49, analinganisha vitu viwili tofauti. Ukizirudisha kura 113,614 zilizokataliwa mwaka 2022 kwenye kigawanyo, ile 50.49 ya Ruto inashuka hadi 50.09.

Idadi ya waliojitokeza hufuata mkondo mwingine. Aliyepiga kura ikakataliwa alijitokeza; alipanga foleni kama wengine. Kwa hiyo hapa kura zilizokataliwa lazima zihesabiwe: 14,213,027 na 113,614 ni 14,326,641, gawanya kwa wapiga kura 22,120,458 waliojiandikisha, upate asilimia 64.77. Anayezisahau atapata 64.25, kisha adai idadi ya waliojitokeza imechezewa. Kwa kifupi, kura zilizokataliwa hazimo kwenye asilimia ya mgombea, lakini zimo kwenye asilimia ya kujitokeza.

Zipo pia karatasi ambazo hazimo popote katika hesabu hizi mbili, na hizi huwachanganya hata watu wenye uzoefu. Mpiga kura akikosea kuweka alama, akairudisha karatasi kwa msimamizi kabla ya kuitumbukiza, hupewa nyingine, na ile ya kwanza hufutwa. Hiyo ni karatasi iliyoharibika. Haikuingia sandukuni. Ile iliyokataliwa ilikuwa sandukuni na ikaonekana na kasoro wakati wa kuhesabu, mathalani imetiwa alama kwa wagombea wawili.

Tuseme kituo kina wapiga kura 648 waliojiandikisha na kilipokea karatasi 650. Wagombea wanne wamepata 287, 214, 6 na 3. Kura halali ni 510. Zilizokataliwa ni 4, kwa hiyo sandukuni mlikuwa na karatasi 514. Zilizoharibika ni 3, na ambazo hazikutumika ni 133. Hesabu ya karatasi inafunga: 514, 3 na 133 ni 650. Waliojitokeza ni 514 kati ya 648, asilimia 79.32. Karani akizijumlisha zile 3 zilizoharibika, atapata asilimia 79.78, na watu watatu watakuwa wamehesabiwa mara mbili.

Sasa karani huyo anayehamisha nambari kutoka Fomu 34A, ile fomu ya matokeo ya kituo, aandike 241 badala ya 214. Jumla ya wagombea inakuwa 537, na kwa zile 4 zilizokataliwa, waliojitokeza wanakuwa 541, asilimia 83.49. Hakuna kinachoshtua. Haizidi waliojiandikisha, wala haizidi 700, kiwango cha juu cha wapiga kura katika kituo kimoja mwaka 2022. Ikiwa jedwali la kompyuta linajijumlishia lenyewe, jumla ya 537 itakubaliana na safu zake na kosa litalala humo. Kinachomuumbua ni kuandika kwa mkono jumla ya kura halali iliyo kwenye fomu, 510, kisha kuiacha kompyuta ijumlishe kando na kuonyesha tofauti. Tofauti hapa ni 27. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, jambo la kwanza la kutafuta ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Si lazima iwe hivyo, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nisieleweke vibaya. Jedwali linalofunga halithibitishi kwamba hakuna aliyeiba. Mtu akimtoa mgombea wa kwanza kura 20 na kumpa wa pili, kura halali zinabaki 510, zilizokataliwa 4, waliojitokeza asilimia 79.32, na kila mstari unakubaliana na mwenzake. Hesabu haimwoni mwizi huyo. Anayemwona ni yule anayeweka jedwali kando ya nakala ya Fomu 34A iliyobaki mikononi mwa wakala wa chama, na picha yake katika tovuti ya tume. Mwaka 2022 picha hizo ziliwekwa wazi kwa umma, na Septemba 5 Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo baada ya kusikiliza hoja nyingi zaidi ya hii ya desimali. Anayetaka kudai wizi aende kwenye fomu za vituo, aonyeshe kituo fulani, nambari fulani. Jumla ya asilimia haitamsaidia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwaka 2027, gazeti lako litakapochapa matokeo, kila jedwali liwe na safu ya kura zilizokataliwa, jumla ya kura halali na idadi ya waliojiandikisha, hata kama itabidi picha ya mgombea ipunguzwe ukubwa. Chini yake uandikwe mstari mmoja kwamba asilimia za wagombea zimegawanywa kwa kura halali pekee, na zimekadiriwa, hivyo jumla inaweza kuwa 99.99 au 100.01. Na ikiwa kura za wagombea hazijumuiki kufikia kura halali zilizotangazwa, hata kwa kura moja, msizirekebishe kimyakimya. Chapeni kama zilivyotangazwa, mseme tofauti ni ngapi, kisha mwulizeni msemaji wa tume imetoka fomu gani.

Mwalimu wa hesabu,
Voi