Bajeti ya ruzuku inapopishana kwa 1, kwa 1,200 au kwa mstari mzima

Jumla kuu isipolingana na safu za miaka, usiibadilishe kwa mkono. Angalia kwanza tofauti ni kiasi gani, kwa sababu kiasi hicho ndicho kinachoonyesha kosa lilipo.

Chukua bajeti ya miaka 3. Gharama za moja kwa moja ni 48,214, kisha 31,474, kisha 27,934, jumla 107,622. Mfadhili anaruhusu gharama za uendeshaji, yaani zisizo za moja kwa moja, kwa 10%, lakini vifaa vya kudumu havihesabiwi. Mwaka wa 1 una kifaa cha 12,000, kwa hiyo asilimia inapigwa kwenye 36,214 tu. Miaka mingine haina kifaa.

Hesabu inatoa 3,621.4, 3,147.4 na 2,793.4. Ukificha desimali, skrini inaonyesha 3,621, 3,147 na 2,793, na jumla za miaka zinasomeka 51,835, 34,621 na 30,727. Zijumlishe kwa kikokotoo upate 117,183. Seli ya jumla kuu inasema 117,184, maana desimali zilizofichwa bado zinahesabiwa kwa ndani. Mkaguzi wa mfadhili hazioni desimali hizo; anachoona ni bajeti isiyojumlika. Dawa ni kuondoa desimali ndani ya fomula yenyewe, kila mwaka:

```
=ROUND((B20-B14)*10%,0)
```

Hapa B20 ni jumla ya gharama za moja kwa moja na B14 ni vifaa. Nakili fomula hiyo hadi C na D, kisha safu ya jumla ijumlishe miaka 3. Usipige 10% upya kwenye safu ya jumla, utapata 9,562 badala ya 9,561 na ile 1 itarudi.

Tofauti ikiwa karibu 1,200, kifaa kimeingizwa kwenye asilimia: 10% ya 12,000 ni 1,200. Kosa hili ni baya kuliko la 1, kwa kuwa safu zote zinaweza kukubaliana vizuri kabisa huku kiasi kinachoombwa kikiwa kimezidi kinachoruhusiwa. Ndiyo maana kujumlisha peke yake hakutoshi. Soma pia mwongozo unasema 10% ya nini: 10% ya ruzuku yote ni sawa na takriban 11.1% ya gharama za moja kwa moja.

Tofauti ikilingana na kiasi cha mstari mmoja, kwa mfano posho za safari, mstari huo uliongezwa chini kabisa na SUM haikuufikia. Bofya seli ya jumla uone mipaka ya fomula.

Bajeti ikishakaa sawa, tafuta jumla ya zamani kwenye fomu ya maombi, muhtasari na maelezo ya bajeti. Huko hakuna fomula ya kuisahihisha.