Fensi ya mita 30: fundi anataka mifuko 34, hesabu inanipa 25

Ndugu Mhariri,

Naomba mafundi na wakadiriaji wanaosoma safu hii wanisaidie. Nataka kujenga upande mmoja wa fensi hapa Kibaha, urefu mita 30, kimo mita 2 juu ya ardhi, tofali za inchi 6. Nguzo ni 11 za zege, sentimita 23 kwa 23, kila baada ya mita 3 hivi. Lipu sijaigusa.

Tofali kamili ina sentimita 45 kwa 23. Ukiongeza mota ya sentimita 2, inakula sentimita 47 kwa 25. Kati ya nguzo na nguzo zinaingia tofali 6, kozi ni 8, nafasi ni 10: jumla 480. Msingi ni kozi 3 za kulaza, tofali 64 kila kozi, yaani 192. Zinakuwa 672, na ukiongeza asilimia 5 za kuvunjika unafika 706.

Hapo ndipo wauzaji wananichanganya. Mmoja anauza tofali kamili shilingi 1,400. Wa pili anauza 1,200, naye anaiita inchi 6, lakini futi kamba inasoma inchi 16 kwa 8 badala ya 18 kwa 9. Unene ni uleule, kilichopungua ni uso. Kwa hiyo kimo cha mita 2 kinadai kozi 9, na tofali zote zinafika 838. Ya bei rahisi inanigharimu 1,005,600, ile kamili 988,400, na bado hiyo ndogo ina maungio mengi ya kujaza mota. Hilo nimeshaliamua: nachukua kamili.

Tatizo ni saruji. Kwenye zege tumekubaliana na fundi: mifuko 6 ya msingi na 9 ya nguzo. Kwenye kujengea tunaachana. Mfuko wa kilo 50 kwa ndoo 10 za mchanga za lita 20 ni karibu moja kwa sita, na kwa mota ya sentimita 2 naona unajenga tofali 68 hivi, pamoja na inayomwagika. Hiyo ni mifuko 10. Fundi anasema mfuko mmoja tofali 35, basi 19. Kwa shilingi 17,000 mfuko, tofauti ni 153,000.

Nikiigeuza hesabu yake, tofali 35 kwa mfuko zinatoka kama mota ina unene wa sentimita 4, au kama mchanga unawekwa nusu ya ndoo zile. Mota nene hivyo kwa kawaida ni ya kuficha tofali zilizopinda au msingi usio na levo.

Ninachouliza: kwenye saiti zenu, mfuko mmoja unajenga tofali ngapi za inchi 6 kwa kweli? Na kuna sababu yoyote ya fensi isiyobeba paa kujengwa kwa mchanganyiko mkali kuliko moja kwa sita?

Msomaji, Kibaha