Kampuni imefungwa, makato yanaendelea

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika, lakini ile taarifa yenu ya kampuni ya ulinzi iliyofilisika hapa Dodoma imenishinda. Mliandika kwamba wateja "wasubiri utaratibu wa mfilisi". Kwa hela iliyokwishaliwa, sawa. Ila hela ya mwezi huu na ujao isubiri nini?

Mimi ni mteja wao. Walinifungia king'ora nyumbani Ipagala, nami nikaijazia benki agizo la kudumu la malipo, shilingi 45,000 kila tarehe 28. Ofisi yao sasa ina kufuli na karatasi ya mfilisi mlangoni, simu haipatikani, na taa nyekundu ya king'ora changu imezimika. Tarehe 28 ilipofika, ujumbe wa benki ukaingia kama kawaida: 45,000 zimetoka. Nikaenda tawini. Binti wa dirishani akaniambia, "Mzee, lete barua ya kampuni ikikubali kusitisha." Barua niichukue kwa nani, kwa kufuli? Agizo la kudumu ni amri yangu mimi kwa benki yangu, kuhusu akaunti yangu. Kampuni haikulitoa, kwa hiyo haina cha kuruhusu wala kukataa. Na akaunti ya kampuni haijafungwa, iko mikononi mwa mfilisi, ndiyo maana malipo hayarudi. Kila shilingi inayoingia humo inageuka mali ya kugawiwa wadai, nami najiunga kwenye foleni nyuma ya mishahara ya wafanyakazi, kodi na mkopo wenye dhamana.

Nililazimika kumwona meneja. Nikaandika barua ya mistari michache: namba ya akaunti, jina la mlipwaji, kiasi, tarehe ya kusitisha. Nikadai nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, makato yakijirudia huna cha kupeleka kwenye dawati la malalamiko Benki Kuu.

Jirani yangu yeye aliwapa namba za kadi yake, na hapo ni kampuni inayovuta hela. Huyo anapaswa kuiambia benki izuie mlipwaji huyo kwa jina, na apinge mapema makato ya huduma asiyoipata, kwa kuwa muda wa kupinga una kikomo.

Halafu hizi fomu za benki, kwa nini ziwe Kiingereza kitupu? Mama wa Chamwino anayeuza karanga ataijuaje sehemu ya kusitisha?

Ninachotaka ni hiki: kila tawi libandike karatasi moja ya Kiswahili mlangoni, usawa wa macho, iseme kwamba mteja anaweza kusitisha agizo lake la malipo bila barua ya kampuni. Na siku mfilisi anapotangazwa, benki iwapigie simu wenye maagizo kabla ya tarehe ya makato.

Mwalimu mstaafu,
Ipagala, Dodoma