Goti linauma, picha ya goti haina kitu: nyonga iliyoteleza kwa vijana wa miaka 10 hadi 16

Karatasi inayoletwa dirishani kwetu hapa Moshi mara nyingi imeandikwa hivi: eksirei ya goti, maumivu ya wiki kadhaa, hajaanguka. Mwenye karatasi ni mvulana au msichana wa kati ya miaka 10 na 16, mara nyingi mwenye mwili mkubwa kuliko wenzake darasani, na anachechemea. Kabla ya kupiga picha hiyo ya goti tunampima nyonga, na mzazi hushangaa kwa nini tunashika mahali ambapo mtoto hajasema panauma. Makala hii inaeleza sababu yake, na kwa nini tukikuta tunachokihofia tunamlaza kijana hapo hapo na kumwandikia rufaa ya siku hiyo hiyo.

Mfupa wa paja wa mtoto haujawa kipande kimoja. Kati ya kichwa chake cha mviringo, kile kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga, na shingo inayokibeba, kuna tabaka jembamba la gegedu ambalo mfupa hurefukia hapo. Wakati wa kubalehe tabaka hilo linakua kwa kasi na kuwa dhaifu, huku uzito wa mwili nao ukiongezeka. Likishindwa kustahimili, kichwa na shingo vinaachana taratibu. Kichwa kinabaki ndani ya kikombe chake, ila shingo inasogea mbele na juu na kujizungusha kwa nje. Ukitazama kutoka pembeni, kichwa kimekaa juu ya shingo kama kofia iliyotelezea kisogoni. Kwenye karatasi ya rufaa hali hii huandikwa kwa herufi nne, SCFE.

Goti linaingiaje hapa? Neva inayohudumia nyonga hutuma tawi hadi upande wa ndani wa paja na goti, kwa hiyo ubongo unasoma maumivu ya nyonga kana kwamba yanatoka gotini. Kijana hadanganyi anapoonyesha goti. Ndiyo maana wengine hukaa miezi wakimeza dawa za maumivu na kuchuliwa goti, na picha ya goti ikitoka safi, nyumbani wanaambiwa mtoto anakua au anakwepa mchakamchaka wa shule.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Kwanza tunamtazama akitembea: mguu wenye shida unatazama nje, kidole gumba kikielekea pembeni badala ya mbele. Kisha analala chali kitandani. Tunashika goti lake na kulipandisha polepole kuelekea kifuani. Nyonga nzima hukunjika moja kwa moja, goti likaelekea bega la upande wake. Nyonga iliyoteleza haiwezi: paja linapofika karibu nusu ya safari linajifungua lenyewe kwenda nje, na ukijaribu kulirudisha katikati linagoma na mtoto anakunja uso. Baadaye, goti likiwa limekunjwa, tunazungusha unyayo kuelekea nje ili paja lijizungushe kwa ndani. Upande mzima unazunguka vizuri, upande wenye shida haujizungushi kabisa au unazunguka kidogo sana. Kijana asiyeweza kukanyaga chini hatumfanyii vipimo hivi. Huyo anaenda kwenye picha akiwa kwenye machela, na mguu wake hauzungushwi na mtu.

Sasa picha. Tunapiga mbili, na zote zinachukua nyonga zote mbili ili upande mzima uwe kipimo cha upande mgonjwa. Ya kwanza ni ya mbele. Ya pili hupigwa magoti yakiwa yamekunjwa na kufunguliwa nje, mkao wa chura. Hii ya pili ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu kichwa huteleza zaidi kwenda nyuma, na mtelezo mdogo wa kwenda nyuma unaweza kujificha kabisa kwenye picha ya mbele. Mzazi aliyepewa picha moja tu ya mbele na kuambiwa nyonga ni nzima ana haki ya kuuliza ile ya pili iko wapi. Kwa kijana asiyeweza kukanyaga tunaacha mkao wa chura, kwa kuwa kumfungua miguu kwa nguvu kunaweza kuongeza mtelezo. Tunapiga ya pembeni akiwa amelala bila kusogezwa.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 13, kilo 78, urefu sentimita 158, goti la kushoto linamuuma kwa wiki saba, anatembea kwa kuchechemea. Kwenye picha ya mbele tunaweka rula juu ya ukingo wa juu wa shingo ya mfupa na kuchora mstari hadi kwenye kichwa. Huu unaitwa mstari wa Klein. Kulia mstari unakata kipande cha kichwa, inavyotakiwa. Kushoto unapita juu bila kukigusa. Gegedu la kushoto linaonekana pana na kingo zake zimefifia, na chini yake, kwenye shingo, kuna kivuli cheupe chenye umbo la mwezi mwandamo. Kivuli hicho ni sehemu ambapo kichwa kilichorudi nyuma na shingo vimepishana mbele ya miale. Mstari wa Klein peke yake hautoshi, kwa kuwa mtelezo mdogo unaweza bado kuuacha ukigusa kichwa, ndiyo maana tunalinganisha pande mbili. Mstari ukikata kipande chembamba zaidi upande mmoja kwa milimita 2 au zaidi, tunashuku.

Kwenye picha ya mkao wa chura tunapima pembe kati ya kichwa na mhimili wa mfupa wa paja. Tuseme kulia ni nyuzi 12 na kushoto ni 46. Tofauti ni nyuzi 34. Chini ya 30 huhesabiwa mtelezo mdogo, 30 hadi 50 wa kati, zaidi ya 50 mkubwa. Huyu yuko kwenye wa kati. Tunamwandikia namba hizo kwenye ripoti, na picha zenyewe tunazitia kwenye CD pamoja na filamu, ili daktari wa mifupa azipime tena mwenyewe badala ya kuanza upya.

Kuanzia hapo hakanyagi tena mguu huo. Sababu ni hii: daktari hafungi skrubu ili kukirudisha kichwa mahali pake, anaifunga ili kukisimamisha pale kilipofika. Nyuzi 34 alizokuja nazo ndizo atakazobaki nazo, na mwili utarekebisha sehemu yake tu kadiri anavyokua. Akisubiri wiki tatu apate nafasi ya kliniki huku akipanda vifodi kwenda shule, anaweza kufika na 50. Mtelezo ukiwa mkubwa, shingo iliyosogea mbele hugonga ukingo wa kikombe kila anapokaa au kuchuchumaa, gegedu la nyonga hulika, na kuchakaa kwa nyonga kunaanza akiwa bado kijana.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Damu ya kichwa cha mfupa huletwa na mishipa midogo inayopanda juu ya shingo, hasa kwa nyuma. Mtelezo wa taratibu unaipa nafasi ya kuzoea. Ila kijana huyo huyo akijikwaa kwenye ngazi, kichwa kinaweza kung'oka ghafla, mishipa ikanyooshwa au kubanwa, na kichwa kikakosa damu na kufa. Mwaka 1993 daktari wa mifupa Randall Loder na wenzake walichapisha matokeo ya nyonga 55. Kati ya 30 ambazo wenyewe hawakuweza kutembea hata kwa magongo, vichwa 14 vilikufa. Kati ya 25 ambazo wenyewe bado walitembea, hata kimoja hakikufa. Taarifa za baadaye zimetoa viwango vya chini zaidi kwa kundi la kwanza, lakini mgawanyo huo ndio madaktari wanautumia hadi leo. Kijana anayechechemea yuko kwenye kundi zuri, na kazi yetu ni kumfikisha chumba cha upasuaji kabla hajahamia kundi lingine.

Kwa hiyo safari ya kwenda hospitali ya rufaa, kwa wengi wetu KCMC, isiwe ya bodaboda wala bajaji. Alale au akae kwenye kiti cha nyuma cha gari, abebwe hadi kwenye kiti cha magurudumu. Msimpe chakula njiani, na mkifika waambieni alikula lini mara ya mwisho, maana daktari wa usingizi atauliza hilo mapema. Na tafadhali asipelekwe kwanza kwa mtu wa kuvuta au kuchua mguu. Kuvuta kwa nguvu ndiko kunakokata ile mishipa.

Upasuaji wenyewe ni mdogo kwa nje. Kwa mtelezo wa taratibu hutumika skrubu moja yenye tundu katikati, unene wa milimita 6.5 hadi 7.3, kupitia kidonda cha sentimita moja au mbili. Kwanza waya mwembamba unaingizwa chini ya mashine ya eksirei yenye umbo la C, kisha skrubu inafuata waya. Kwa kuwa kichwa kiko nyuma, waya huanzia mbele ya shingo na kuelekea nyuma, ili upite katikati ya kichwa ukiwa umekata gegedu kwa pembe ya mraba. Ukianzia pembeni, kama inavyofanywa kwa mzee aliyevunjika nyonga, unaweza kutokea nyuma ya shingo, mahali penye mishipa. Angalau hesi tano za skrubu zivuke gegedu, la sivyo haishiki. Ncha ibaki angalau milimita 5 kutoka uso wa kichwa. Ikitokeza ndani ya kiungo husaga gegedu la kikombe kila mguu unaposogea na nyonga hukakamaa, kwa hiyo daktari huzungusha mguu huku akitazama skrini kuhakikisha ncha haitokezi upande wowote.

Baada ya hapo anatembea kwa magongo kwa takriban wiki sita, akiongeza uzito kadiri anavyoelekezwa. Mazoezi ya kurudisha nguvu ya misuli ya nyonga tunayafanya kituoni, ila mpira na kuruka vinasubiri ruhusa ya daktari. Skrubu kwa kawaida huachwa ndani.

Nyonga ya pili nayo ina lake. Kati ya vijana watano, mmoja au wawili huteleza upande wa pili, wengi wao ndani ya miezi 18. Tunapiga picha kila miezi mitatu hadi sita mpaka gegedu lifunge. Aliye chini ya miaka 10, aliyezidi 16, au aliye mwembamba au mfupi kuliko umri wake anahitaji pia kupimwa homoni za tezi ya thairoidi na kazi ya figo, kwa kuwa kwake uzito hauelezi kwa nini gegedu limelegea, na daktari anaweza kuamua kufunga skrubu pande zote mbili kwa mara moja. Kwa wengine, goti la upande wa pili likianza kuuma msingoje tarehe ya picha. Mleteni siku hiyo, asikanyage, na waambieni mapokezi kwamba nyonga moja tayari ina skrubu.