Kiti A, nyuma ya bawa

Kirumba, Mwanza

Rafiki yangu Neema,

Mwangaluka! Nimepata ujumbe wako kwamba katikati ya Aprili, baada ya harusi, utarudi Dar kwa ndege ya alfajiri, na kwamba unataka video ndefu ya dirishani: mawingu jua likichomoza, ukingo wa bawa ukionekana, ndege ikiinama taratibu, na mvumo wa injini chini yake. Umechagua mwezi mzuri kuliko unavyodhani, ila kiti ndicho kitakachoamua kila kitu. Kwa hiyo naanzia hapo.

Kutoka Mwanza hadi Dar ndege inaelekea kusini-mashariki. Katikati ya Aprili jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki kamili. Ukiziweka pande hizo mbili pamoja, jua litatokea upande wa kushoto, mbele yako kwa mshazari, kama katikati ya pua ya ndege na ncha ya bawa. Mwezi wa sita lingekuwa limesogea zaidi ubavuni, rahisi kuliona, lakini huo ni msimu wa kiangazi na mawingu ziwani ni machache. Desemba mawingu ni tele, lakini jua linakuwa karibu kabisa na pua ya ndege na kutoka dirishani hulioni mpaka ndege igeuke. Aprili unapata vyote viwili: mvua za masika bado zipo, na jua liko mahali dirisha linapofika. Omba kiti cha A. Wengi hufikiri dirisha lolote linatosha, halafu wanakaa kulia na kuangalia anga la buluu safari nzima.

Sasa, A ya safu ipi? Ukikaa mbele ya bawa utaona anga tupu, kwa sababu bawa liko nyuma ya bega lako na jua liko mbele. Ukikaa juu ya bawa lenyewe, bati linaziba mawingu yote ya chini. Unachotaka ni safu ya sita hadi ya nane kuhesabu kutoka mahali ukingo wa nyuma wa bawa unapoishia kwenye mwili wa ndege. Hapo bawa linaingia kwenye picha kutoka mbele, upande wa chini, ncha yake inafika karibu na usawa wa macho, na jua linatokea juu yake. Hasara ya kukaa nyuma ni joto la injini: hewa ya moto inayotoka nyuma ya injini inafanya kitu chochote unachokitazama kupitia humo kitetemeke na kufifia. Ukielekeza kamera juu ya bawa, kwenye upeo, tatizo hilo halipo. Ukiinamisha kuangalia ardhi, utaliona mara moja, na usidhani simu yako imeharibika.

Haya yote ni kwa ndege ya jeti yenye mabawa chini. Ukipangiwa ndege ya pangaboi, mabawa yake yako juu ya madirisha, kwa hiyo utaona tumbo la bawa na injini ikining'inia. Hapo usipige usawa wa pangaboi, maana kamera ya simu husoma picha mstari kwa mstari na panga zinazozunguka zitatoka zimepinda kama mundu. Kaa nyuma kabisa.

Tuje kwenye saa. Kwa mtu aliyesimama ufukweni hapa Mwanza, katikati ya Aprili jua huchomoza kama saa 12:46 asubuhi. Wewe hutasubiri hadi hapo. Tuchukulie magurudumu yanaacha ardhi saa 12:20. Kila unavyopanda, upeo unashuka chini yako, na jua unaliona mapema zaidi: ukifika kilomita 8 juu unalipata kama dakika 10 kabla ya mtu aliye chini yako. Ongeza kwamba unakwenda upande wa mashariki, kulifuata. Ukipiga hesabu, jua litakutokea karibu saa 12:32, dakika kumi na mbili hivi baada ya kuruka, wakati sisi huku bado tunaona wekundu tu. Kwa hiyo usisubiri ndege itulie ndipo utoe simu. Na kwa kuwa unalikimbilia jua, rangi zinapita upesi kuliko ungekuwa umesimama chini. Anza kurekodi saa 12:20, magurudumu yanapoacha ardhi, na usiache mpaka saa 12:45.

Wahudumu watakutaka uweke simu kwenye hali ya ndegeni na dirisha liwe wazi wakati wa kuruka, jambo ambalo kwako ni faida. Futa kioo cha ndani kwa kitambaa kikavu laini kabla ndege haijaondoka. Utaona karibu na chini ya dirisha kuna kitundu kidogo. Usikizibe kwa kitu na usiogope. Kioo cha nje ndicho kinachobeba mgandamizo wa hewa ya ndani. Kitundu kiko kwenye kioo cha katikati, kinasawazisha hewa na kutoa unyevu ili dirisha lisijae ukungu. Huko juu nje ni baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi, na mara nyingi pembeni ya kitundu huota chembe za barafu. Kamera ya simu inazipenda sana hizo chembe: inazilenga zenyewe, na mawingu yote yanakuwa ukungu mtupu. Dawa yake ni kugusa skrini mahali penye ukingo wa bawa, ushikilie kidole mpaka mlengo ufungwe (kwenye simu nyingine yatatokea maneno `AE/AF LOCK`), kisha ushushe mwanga mpaka mawingu yaonyeshe mikunjo yake. Usipofunga, jua likitokea tu kamera itabadilisha mwanga yenyewe na bawa litageuka jeusi ghafla katikati ya video.

Lenzi iwe karibu na kioo, kama sentimita moja au mbili, lakini isikiguse, maana kioo kinatetemeka na injini. Ile taa ya ndani ya ndege itajionyesha kwenye kioo. Funika kichwa na simu kwa kitenge cheusi au sweta. Watu watakutazama. Waache.

Kuhusu kuinama. Inategemea upepo wa siku hiyo na uwanja utatumika upande gani. Wakirukia upande wa kusini-mashariki, ndege inakwenda karibu moja kwa moja na hutapata mzunguko mkubwa. Wakirukia upande wa ziwa, lazima wageuke nusu duara nzima, na hiyo ndiyo nafasi yako. Ndege ya abiria huinama hadi kama nyuzi 25, na kwa mwendo wa kupanda mzunguko huo unachukua dakika moja na nusu hivi. Wakigeukia kushoto, bawa lako linashuka, unaona maji na mawe ya Mwanza, halafu wekundu wa mashariki unapita juu ya dirisha. Wakigeukia kulia, bawa lako linainuka, na dirisha lako linalizunguka ziwa lote, magharibi, kaskazini-magharibi, kaskazini, kabla ya kutulia. Vyovyote vile, usizungushe simu kufuata upeo. Egemeza mkono kwenye fremu ya dirisha, bawa libaki palepale kwenye picha, na uache dunia ndiyo iiname. Mwili wako hautahisi kuegemea upande. Utajihisi mzito kidogo tu kitini.

Mzunguko wa kulia ni wa thamani kwa sababu ya mawingu yenyewe. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji. Upepo mwanana unatoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, unakutana katikati juu ya maji yenye joto, na hewa haina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana dhoruba za Ziwa Victoria hukomaa usiku wa manane hadi alfajiri, jambo ambalo wavuvi wetu wa dagaa wanalijua kwa gharama kubwa. Alfajiri ya Aprili utakuta mawingu marefu ya radi yamesimama juu ya ziwa, mengi upande wa magharibi, wakati Sukumaland yote ni kweupe. Ndege ikishatulia kuelekea Dar, hayo yanabaki mgongoni. Upande wako kutakuwa na Ghuba ya Speke na mabaki ya mawingu ya usiku, kisha mawingu ya chini yaliyotandazwa mashariki ya nyanda za juu za Ngorongoro, na kwenye nusu ya safari, kama hewa ni safi, kilele cha Kilimanjaro kikiwa mbali kushoto.

Mvumo sasa. Mara baada ya kuruka, rubani hupunguza nguvu ya injini, na sauti inashuka ghafla. Wengine hushtuka, ni kawaida kabisa. Kitakachofuata ni mlio wa mota, vibawa vya nyuma vikirudi ndani ya bawa. Mvumo mzuri ule wa chini, usiobadilika, unaanza ndege ikifika juu na kutulia. Kwa sauti safi, rekodi dakika kumi za peke yake wakati huo, simu ikiwa imelala mapajani juu ya nguo nene, si imeegemea ukuta, kisha uiweke chini ya picha. Ukisikia mvumo ukipanda na kushuka polepole, ni injini mbili zinazozunguka kwa kasi zinazotofautiana kidogo. Mimi ningeuacha uwemo.

Ikitokea wamechelewesha safari mpaka jua limeshatoka, usikate tamaa, badilisha mpango tu. Rangi za alfajiri zitakuwa zimepita, lakini ukibahatika mzunguko wa kulia, yale mawingu ya ziwani yatakuwa yamepigwa jua ubavuni, vilele vyeupe na chini bado buluu, na hayo ndiyo yatakayokuwa video yako. Rekodi tangu magurudumu yanaacha ardhi, na mwanga uushushe zaidi.

Siku ya kuchagua kiti, fanya mapema mtandaoni, au nitumie namba ya tiketi nikupitie uwanjani siku moja kabla. Wasalimie wote nyumbani, na mama mwambie sato wake nitamfungia.

Rafiki yako,
Kulwa