Karibuni futingi ya Jumapili

Lubumbashi, Ijumaa

Ndugu yangu,

Jambo sana, na salamu kwa wote nyumbani. Nimefurahi mno kusikia kwamba Jumapili unakuja kukimbia nasi, pamoja na majirani zako wawili. Tunaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, tunashika barabara ya Kasapa kuelekea chuo kikuu, kisha tunageuka. Kwenda na kurudi ni kilomita 8.

Tunakimbia kwa makundi, na kila kundi linaitwa kwa dakika linazotumia kwa kilomita moja: la 6, la 7, na la 7 na nusu. Nyinyi watatu ingieni la 7 na nusu, hata mkijisikia wepesi. Mwanzoni kila mtu ni mwepesi, ndiyo maana wageni wengi hukimbilia kundi la 6. Hebu piga hesabu: mtu anamaliza kilomita 3 kwa dakika 18, pumzi inakatika, zile 5 zilizobaki anazitembea kwa dakika 12 kila moja. Jumla dakika 78. Aliyeanza polepole na la 7 na nusu amefika kwa dakika 60, tena bado anaongea.

Kuongea ndiyo kipimo chetu. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata, uko mahali pako. Maneno yakianza kutoka mawili mawili, mwambie kiongozi wa kundi mapema, usingoje hadi kichomi kikubane ubavuni.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: msimpite kiongozi. Si lazima umwache mbali ili uharibu. Ukikaa nusu hatua tu mbele yake, wa pembeni anakufuata, wa nyuma wanavutwa, na baada ya kilomita moja kundi la 7 na nusu limekuwa la 7 bila mtu kuamua. Wanaoumia ni wa mwisho. Penye mwinuko kiongozi atapunguza mwendo ili pumzi ibaki ileile, kwa hiyo msishangae saa ikionyesha dakika 8.

Barabarani tunakaa kushoto, magari yaje yakitukabili, na hatuzidi wawili wawili. Aliye mbele akiona shimo au pikipiki anapaza sauti, na kila mmoja anarudisha neno nyuma. Kwa sababu hiyo acheni sikio moja wazi kama mnasikiliza muziki. Ukitaka kusimama, inua mkono, toka pembeni kwanza, ndipo usimame. Na asiondoke mtu kimyakimya, maana mfunga mkia, yule anayekimbia nyuma ya wote, atarudi kumtafuta.

Kiangazi hiki asubuhi ni baridi na vumbi ni jingi. Yule jirani uliyesema ana pumu amwone daktari wake kabla ya Jumapili, abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye mfuko unaobaki garini, na amwonyeshe mfunga mkia iko wapi.

Wako,
Katibu wa klabu